Yule muuza makava wa Kariakoo ameniambia laptopu yangu NENE!

Binti_wa_Mbagala:
Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, hata maji sijanywa. Mnamjua, anayejibu wateja huku anatafuna miwa. Nimeweka ThinkPad T480 yangu mezani, nikamwambia nataka kava lake. Hakuipima! Kauliza tu "inchi ngapi?" Nikasema 14, akanitupia kava limeandikwa 14. Mashine haikuingia. Akalisukuma kwa goti. KWA GOTI, kama anafunga gunia la mkaa! Zipu ikapita juu ya kifuniko, kraaa, mkwaruzo wa kona hadi kona. Halafu mbele ya foleni nzima akasema: "Dada'angu, kava halina shida, laptopu yako ndiyo nene." Watu wakacheka hadi Gerezani wakasikia. Laptopu yangu nene! Pesa hakurudisha.

Kapeto:
Mpunguzie wali hiyo laptopu 😂😂

Binti_wa_Mbagala:
Kapeto sina utani leo. Nina mkwaruzo unaoonekana ukiwa Kigamboni.

FundiCherehani_Tandika:
Pole dada. Nashona hivi vitu. Hiyo inchi 14 ni ya kioo tu, tena kwa mshazari, haikwambii kitu kuhusu mwili wa mashine. Chukua rula, pima upana, kina kutoka bawaba hadi mbele, na unene pale palipozidi. Kisha pima kava lako nje. Nitajie namba.

Binti_wa_Mbagala:
Mashine upana 33.7, kina 23.3. Unene 2 mbele, ila nyuma nina ile betri kubwa inayotokeza chini, pamoja na miguu ya mpira inafika 2.7. Kava nje ni 36 kwa 26. Kwa rula ya mtoto wa shule nimepima, yeye mwenye duka ameshindwa, akaona bora goti!

Mzee_wa_Ilala:
36 si kubwa kuliko 33.7? Mbona lingetosha? Labda hukulivuta vizuri.

FundiCherehani_Tandika:
Mzee, hiyo 36 ni ya nje. Toa mshono na sponji, tuseme sentimita 1 kila upande, ndani inabaki 34. Na kava hilo likiwa tupu limelala bapa. Ukitia mashine, kitambaa kinapanda ubavuni, kwa hiyo unene unakula upana. 33.7 ongeza 2.7 ni 36.4. Ndani ni 34, hapo hata goti la tembo halisaidii. Kina nacho 23.3 na 2.7 ni 26, ndani kuna 24. Mimi ningekushonea ndani 37 kwa 26.5 na ushee, nje kama 39 kwa 28.5.

Binti_wa_Mbagala:
MNASIKIA? 36.4! Halafu nene ni laptopu yangu!

Sharifu_Mlandege:
Mimi huku Unguja siku zote nachukua kava la 15.6, yamekwisha. Sipimi kitu.

FundiCherehani_Tandika:
Kwa mashine yake nene, la bapa la 15.6 linaweza kumfaa kweli. Ila likiwa lile la ubavu ulioshonwa kama boksi, unene una nafasi yake, huongezi kwenye upana. Hapo mashine ya 14 itacheza humo ndani, ukiliangusha kona inashuka hadi kwenye mshono ambako sponji haipo. Tikisa kava, ukisikia inagonga ni kubwa mno.

Nuru_K:
Lile la mpira laini linavutika, si angenunua hilo tu?

FundiCherehani_Tandika:
Linavutika, lakini likivutika linakuwa jembamba, na linavutika zaidi kwenye kona, ndiko inakogonga. Bora uangalie kama zipu ina ulimi wa kitambaa kwa ndani. Ulimi huo ungekuwepo, hata lile goti lisingechubua kifuniko.

Binti_wa_Mbagala:
Halikuwa na ulimi! Wa kwake tu ndio mrefu! Nene, mbele za watu!

Mama_Sadiki:
Samahani, chaja inaingia humo humo?

FundiCherehani_Tandika:
Hapana mama, itabonyeza kioo. Mfuko wake uwe nje.

Sharifu_Mlandege:
Mimi nakataa, nimeweka yangu na chaja miaka yote.

Mama_Sadiki:
Afadhali nyie mna makava. Mimi yule wa begi la mwanangu, zipu imekufa siku ya kwanza ya shule, ananiambia mtoto ana vitabu vingi.

Kapeto:
Huyo wa mabegi namjua, kaniuzia begi la mvua linalovuja 😂

Mzee_wa_Ilala:
Wa mwamvuli je? Kaeni niwasimulie.