Mrejesho: faini ya kuhama kabla ya mkataba kuisha

Niliuliza: "Mkataba wa mwaka unasema nikihama mapema nalipa kodi ya miezi miwili. Nimelipa miezi sita, nataka kuondoka baada ya mitatu. Nitoe hela nyingine?"

Wadau, nimerudi. Nilimfuata mama mwenye nyumba, mkataba mkononi. Kumbe hata yeye kipengele kilimchanganya. Fomu alinunua tu steshenari! Tumeelewana faini ikatwe kwenye kodi iliyobaki. Kodi ni 250,000 kwa mwezi, hivyo miezi mitatu ni 750,000. Anakata 500,000, ananirudishia 250,000 siku ya kukabidhi funguo. Tumeyaandika kwenye nakala zote mbili, tukasaini, mjumbe akishuhudia. Notisi ya mwezi nimeshampa kwa barua.