Naomba ushauri: daftari la mapishi ya bibi limekwama kwenye malewa

Mjukuu_wa_Elgon

Habari zenu. Familia yetu ni ya Bugisu, upande wa Bududa, lakini wajukuu tumetawanyika. Wengine wako Kampala, wengine tulikulia kambini Jinja, na binamu zetu wako Bungoma kule Kenya. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, kwa hiyo tumekubaliana daftari la mapishi ya kukhu, bibi yetu, liandikwe kwa Kiswahili. Tunataka kijana wa miaka 18 aliyepanga chumba Kampala, mwenye sigiri moja na sufuria mbili, aweze kusoma na kupika bila kumpigia mtu simu.

Vyakula vingine vimekwenda vizuri. Malewa, yale machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi, yamenishinda. Nikiuliza karanga kiasi gani, kukhu anajibu "za kutosha". Nikimpa kikombe cha kupimia anakitumia kuniridhisha, halafu anaongeza kwa mkono nikigeuka. Kuna pia maji ya majivu, ambayo anayamimina kwa kuangalia rangi tu. Na shangazi zangu wawili wanabishana: mmoja anachanganya simsim na karanga, mwingine anasema akipewa hayo kwenye matanga hali. Niandikeje?

Mchapaji256

Hongera. Cha kwanza tafuta namba ya ISBN, zinatolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda. Kisha tafuta mpiga picha mzuri, maana kitabu cha mapishi kinauzwa na picha. Usichapishe nakala nyingi mwanzoni.

Mjukuu_wa_Elgon

Asante ndugu, ila hatuuzi. Ni daftari la nyumbani.

Sigiri_Moja

Unajisumbua na kalamu ya nini? Washa simu, mrekodi kukhu mwanzo hadi mwisho, tupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Vijana hawasomi. Na majivu achana nayo, siku hizi nani ana majivu Kampala? Weka kijiko cha chai cha magadi, ni yaleyale.

Mama_Namatala

Mjukuu, nimefundisha upishi shuleni na nimeandika ya ukoo wetu pia, kwa hiyo nitakuambia ninavyofanya.

Usimpe kukhu kikombe. Mkono wake ndio kipimo chake, na ukimnyang'anya atakupikia chakula kingine. Pima vyombo vyake badala ya kumpima yeye. Kabla hajaanza, weka bakuli la karanga za kusaga kwenye mizani ndogo ya jikoni, andika. Mwache apike anavyotaka, akimaliza pima tena bakuli lilelile na kilichobaki. Tuseme mwanzo lilikuwa gramu 910 na mwisho ni 640, basi ametumia 270. Kopo la chumvi vivyo hivyo, na jagi la maji ya majivu pia. Malewa yenyewe yapime mara mbili: yakiwa makavu, na baada ya kulowekwa na kukatwa sehemu ngumu. Hiyo ya pili watu huisahau, na ndiyo yenye maana, kwa sababu fungu moja la sokoni lina vipande laini na jingine lina miti mitupu ya kutupwa. Rudia siku nyingine. Ukipata 270 leo na 250 kesho, andika 260, usiumize kichwa.

Muda wa kupika usiuamini sana, sigiri ya mtu na mtu hazilingani. Andika anachokitazama. Karanga zinakorogwa kwanza na maji ya uvuguvugu mpaka ziwe kama uji mwepesi. Ukizitupa kavu kwenye maji yanayochemka zinashikana madonge. Halafu unakoroga chini kabisa, maana zinaungua upande wa chini huku juu kunaonekana salama. Zinafurika pia, kwa hiyo sufuria isijae. Mafuta yakianza kujitokeza juu, mchuzi umeiva. Hayo maneno kijana ataelewa kuliko "dakika 40".

Sasa Sigiri_Moja, video ni nzuri kwa mikono, lakini ina shimo kubwa. Mgeni anafika na simu saa nne asubuhi. Malewa yamelowekwa tangu jana usiku, maji ya kwanza yameshamwagwa, yamechemshwa alfajiri na maji hayo nayo yamemwagwa. Kukhu hasemi kwa sababu kwake hiyo si habari. Shina changa la mwanzi likiwa bichi lina sumu ya jamii ya sianidi, kama muhogo mchungu. Linachemshwa sufuria ikiwa wazi na maji yanatupwa. Hata yaliyokaushwa kwa moshi mimi siachi kumwaga maji, uchungu wenyewe utakuambia. Kijana akifuata video yako atachemsha, atafunika, na yale maji ndiyo atakayopikia mchuzi. Kwa hiyo lala kwa kukhu usiku wa kabla.

Habiba_Bombo

Mimi ni Mnubi wa Bombo, naomba niingize yangu. Kwetu shida si vipimo. Mama zangu wadogo hawataki kabisa kuandikwa. Mmoja anauza mkate wa kisra kwenye sherehe, anasema nikiweka siri yake kwenye karatasi wake wa wanawe watamnyang'anya wateja. Nifanyeje?

Mama_Namatala

Habiba, huyo usimlazimishe, ni riziki yake. Muombe akufundishe wewe peke yako, na muulize lini anaruhusu yaandikwe. Wengine hukubali ukiwahakikishia halitoki nje ya nyumba, wengine hawakubali na ndiyo hivyo.

Mjukuu_wa_Elgon

Mama, asante sana, hilo la maji ya alfajiri sikulijua. Na majivu je? Magadi ni yaleyale kweli?

Mama_Namatala

Yanafanana kazi, yote yanalainisha nyuzi na kukata ukali. Hayalingani nguvu. Kijiko kizima cha magadi kwa sufuria ya watu sita kitakupa ladha ya sabuni, na karanga zitageuka rangi. Anza na robo kijiko, onja, ongeza kidogo.

Kwa majivu, andika jinsi ya kuyatengeneza badala ya kiasi cha kumimina. Choma maganda makavu ya maharagwe peke yake, na usiwashe moto kwa mfuko wa kaveera. Chekecha, jaza majivu nusu kikombe cha tampeko kwenye kopo lililotobolewa chini, mimina tampeko moja ya maji polepole. Matone ya kwanza ndiyo makali. Changanya yote ndipo upime. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi na yanateleza vidoleni, yako tayari.

Binamu_Bungoma

Mimi ni wa upande wa huku Kenya na nakataa magadi yasiingie kwenye daftari la kukhu. Ukiandika njia ya mkato, baada ya miaka 20 hiyo ndiyo itakuwa asili.

Sigiri_Moja

Na usipoandika, kijana wa Kampala atakula chipsi.

Mjukuu_wa_Elgon

Nafikiri nitaandika majivu kwenye ukurasa, magadi pembeni kwa wino mwingine. Binamu, tutagombana Desemba. Na simsim?

Mama_Namatala

Kurasa mbili, kila moja na jina la shangazi na kijiji alikojifunzia. Usichanganye upate wastani, hakuna aliyewahi kupika wastani. Kisha mpe kijana mmoja karatasi, apike peke yake, wewe ukae sebuleni na usijibu swali. Kila anaponyanyuka kuja kuuliza, weka alama hapo kwenye karatasi. Kukhu aonje mwishoni.

Mjukuu_wa_Elgon

Mdogo wangu amekubali kuwa wa majaribio. Anauliza kama akiunguza nani atalipia malewa.