Tepu ya shingo, kiuno na nyonga kazini: inawaonea wenye nyonga pana?

Dada_Bugolobi: Kazini kwetu hapa Kampala wameanza kutupima mafuta ya mwili kwa tepu: shingo, kiuno, nyonga, halafu urefu. Anayezidi asilimia 36 anakosa posho ya afya. Mimi nimepata 39. Jirani yangu wa meza amepata 35, na tumbo lake limetokeza kuliko langu. Wote tuna urefu wa sentimita 160. Kipimo hiki ni cha haki kwa wote, au kinawaonea wenye nyonga?

Afande_Mstaafu: Dada, hicho ni kipimo cha kijeshi. Wanamaji wa Marekani walianza kukitumia miaka ya 1980. Kama kimewatosha watu wa meli za vita, kitawatosha watu wa ofisini. Shida yetu ni rolex mbili asubuhi na soda juu yake, tukipimwa tunailaumu tepu.

Mama_Chapati_Wandegeya: Afande, rolex imeingiaje hapa? Chapati moja, mayai mawili, nyanya na kabichi. Nimewalisha wanafunzi wa Makerere miaka na miaka, na wengi wao ni wembamba. Mwambie anayekunywa bia kila jioni, usiniharibie biashara.

Afande_Mstaafu: Sijakutaja, mama. Lakini mafuta unayomwaga kwenye lile bamba nimeyaona kwa macho yangu.

Mama_Chapati_Wandegeya: Umeyaona kwa nani? Mimi napaka kwa kitambaa. Njoo uone.

Lishe_Mbale: Tumrudie dada. Walikupima kiuno wapi hasa? Na ulipata sentimita ngapi kila mahali?

Dada_Bugolobi: Kwenye kitovu, wanaume kwa wanawake. Shingo 33, kiuno 84, nyonga 108. Mwenzangu shingo 33 pia, kiuno 88, nyonga 96. Tulionyeshana karatasi.

Lishe_Mbale: Basi kosa liko hapo. Kwa mwanaume tepu hupita kwenye kitovu. Kwa mwanamke hupita pale kiuno kilipo chembamba kuliko pote, na kwa wengi ni juu ya kitovu. Nyonga hupimwa pale makalio yalipotokeza zaidi, na shingo chini kidogo ya kikoromeo. Hesabu ya wanawake kwa sentimita ni hii:

```
495/(1.29579-0.35004*log10(kiuno+nyonga-shingo)+0.22100*log10(urefu))-450
```

Kwa 84 yako inatoka 39.0, kama walivyokuambia. Sasa simama mbele ya kioo, pumua kawaida, na mwishoni mwa kutoa pumzi ujipime pale penye mkato. Mwanamke mwenye nyonga 108 na kitovu 84 anaweza kabisa kupata 76 hapo.

Dada_Bugolobi: Nimejipima sasa hivi, mara mbili. 76 na nusu, halafu 76.

Lishe_Mbale: Kwa 76 unapata 35.2. Karibu pointi nne zimetoka kwenye mahali tepu ilipokaa, wala si kwenye mwili wako. Na mwenzako, kama hana mkato wowote kiunoni, atapata 88 kwenye kitovu na 88 juu yake, kwa hiyo kosa lile lile halimgusi. Wenye umbo lako ndio wanaolipia.

Lakini angalia tena zile namba. Zako: 76 na 108, jumla 184. Zake: 88 na 96, jumla 184. Shingo moja, urefu mmoja. Naye anatoka 35.2. Hesabu hii inajumlisha kiuno na nyonga kana kwamba sentimita ya tumbo na sentimita ya makalio ni kitu kimoja. Haiwezi kuwatofautisha ninyi wawili hata mkipimwa bila kosa lolote. Kwa afya ninyi si sawa: kiuno chako ukigawa kwa nyonga ni 0.70, chake ni 0.92, na Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa hatari kwa mwanamke kwenye 0.85. Kiuno chake pia kimepita nusu ya urefu wake, chako hakijafika. Kama posho ni ya afya kweli, hii tepu inatoa jibu la swali lingine.

Fundi_wa_Owino: Kwa upande wa tepu nina neno. Tepu ya kitambaa ikizeeka inavutika, nimetupa nyingi. Ilaze juu ya rula ya chuma uone kama namba zinalingana. Na mkimpa fundi awapime, mwambieni asiache nafasi ya vidole kama tunavyofanya kwa gauni. Wengine huja wamevaa gomesi na kikoi ndani, hapo nyonga inaongezeka bila mtu kunenepa.

Kijana_wa_Vyuma_Jinja: Kwa wanaume siri ni shingo. Nimefanya mazoezi ya shingo, asilimia imeshuka ingawa tumbo liko pale pale. Kwa hiyo kipimo ni bure, kitupwe.

Lishe_Mbale: Kaka, la kwanza ni kweli. Mwanaume wa sentimita 175 mwenye kiuno 94 na shingo 38 anapata 23.4. Akiwa na shingo 43 kwa tumbo lile lile, anapata 19.9. Lakini kukitupa ni kupita kiasi. Hesabu yenyewe ilitungwa 1984 kwa kuwapima wanamaji na kulinganisha na matokeo ya kuwapima uzito chini ya maji, na hata huko ilikosea kwa pointi tatu na nusu hadi nne hivi kwa watu wa kawaida. Mtu mmoja akipimwa na mkono ule ule, mahali pale pale, kwa miezi kadhaa, mwelekeo wake una maana. Kumkata mtu posho kwa pointi tatu hakuna maana.

Dada_Bugolobi: Na sisi Waafrika? Kuna mtu kazini alisema mifupa yetu ni mizito, kwa hiyo namba zote ni za uongo.

Lishe_Mbale: Si uongo wote. Kupima uzito chini ya maji kunachukulia kwamba nyama na mifupa ya kila mtu ina uzito mmoja kwa ujazo wake. Mwenye mifupa mizito huonekana ana mafuta machache kuliko aliyo nayo. Hapo kosa linaweza kumpendelea, si kumwonea. Nyonga pana huweza kulivuta upande wa pili. Kwa mtu mmoja mmoja siwezi kukuambia lipi linashinda.

Afande_Mstaafu: Bado nasema jeshi halikosei miaka yote hiyo.

Lishe_Mbale: Afande, jeshi la nchi kavu la Marekani lenyewe liliacha shingo na nyonga mwaka 2023. Wakaanza kupima tumbo kwenye kitovu na uzito tu.

Afande_Mstaafu: Basi ofisi ipime tumbo tu, tumalize.

Mama_Chapati_Wandegeya: Na mama aliyejifungua juzi? Naye akatwe posho kwa tumbo?

Dada_Bugolobi: Kwetu wako wawili wa hivyo, na wote walipimwa. Jumatatu naomba nipimwe upya penye mkato, na karatasi ya mwenzangu pia irudiwe. Ila bado nauliza: mwajiri ana ruhusa gani ya kunizungushia tepu kiunoni?

Kijana_wa_Vyuma_Jinja: Ulitia saini kwenye mkataba?

Dada_Bugolobi: Mkataba unasema "uchunguzi wa afya". Tepu haikutajwa popote.