Nyimbo za hasira ukitoka kazini: zinatoa dukuduku au zinachochea?

Abiria wa Mbagala: Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Siku nikitukanwa sana, nikipanda daladala naweka hedifoni, napiga singeli au rap ya hasira sauti mwisho mpaka nafika. Mwenzangu ofisini anasema hapo sitoi hasira, naizidisha. Nani yuko sahihi?

Shangazi Pwani: Mwanangu, mwenzio hakuwahi kukaa kwenye taarabu. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano wakipimana ubavu, mwanamke aliyeudhiwa anasubiri ubeti unaomgusa mbaya wake. Ukifika, anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu mpaka mbele ya meza ya yule yule, ndipo anakwenda kumtunza mwimbaji. Hajatamka neno, na ukumbi mzima umeshajua nani kapewa vidonge vyake. Anarudi kwake mwepesi.

Mzee wa Takwimu: Shikamoo Shangazi. Yeye karudi mwepesi, sawa, na yule wa mezani je? Kesho si zamu yake kutafuta ubeti? Mwaka 2002 mwanasaikolojia Mmarekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio la wanafunzi 600 waliokasirishwa makusudi: kila mmoja aliandika insha, ikarudishwa na maneno ya kumdhalilisha. Kundi moja likapiga gunia la ngumi huku likimfikiria aliyewatukana. La pili likapiga gunia hilo hilo likiwazia mazoezi ya mwili. La tatu likakaa kimya tu. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote, na waliokaa kimya ndio walioonyesha ukali mdogo zaidi walipopewa nafasi ya kulipiza. Kwa hiyo Abiria, mwenzio ana hoja. Ukisikiliza wimbo huku unarudia ile simu kichwani, unajipalia makaa.

Kibarua Mtiifu: Mimi niliweka mpasho kwenye stetasi ya WhatsApp, nikasahau kwamba bosi ana namba yangu. Asubuhi naulizwa, "Huyu fisi wa kwenye wimbo ni nani?" Acheni kabisa kumtumia bosi nyimbo.

Abiria wa Mbagala: Kaka, sijamtumia mtu wimbo. Nasikiliza mwenyewe!

Didjei Uswazi: Tatizo ni mwendo. Singeli inavuka mapigo 200 kwa dakika, moyo utatuliaje hapo? Weka zilipendwa, hasira inakwisha yenyewe.

Mzee wa Takwimu: Nusu ya hilo ni kweli. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichukua wapenzi 39 wa hevi metali ya kupayuka, wakawahoji kwa dakika 16 juu ya mambo yanayowakera: kazi, pesa, wapenzi. Damu ilipochemka, nusu wakasikiliza nyimbo walizozichagua wenyewe kwa dakika 10, nusu wakakaa kimya. Matokeo yalitoka 2015. Mapigo ya moyo ya wasikilizaji yalibaki juu, hapo uko sahihi, lakini hayakuendelea kupanda. Kero na uhasama vilishuka kwa makundi yote mawili, na wenye muziki wakajisikia na nguvu zaidi. Kwa hiyo moyo kwenda mbio si lazima uwe na hasira.

Didjei Uswazi: Ila hao wote walikuwa mashabiki. Mpe mama yangu hiyo metali, uone kama kero itashuka.

Mzee wa Takwimu: Kweli, huwezi kumwandikia kila mtu dawa hiyo. Tena kimya nacho kilifanya kazi, kwa hiyo jaribio halisemi kwamba muziki unashinda kukaa tu.

Abiria wa Mbagala: Kimya kipi, mzee? Kwenye daladala ya saa kumi na mbili, konda anagonga bati na mtu kakukanyaga kidole? Nikivua hedifoni ndiyo nazidi. Ila hilo la kurudia simu kichwani limenigusa. Rap inayomtukana bosi huwa nairudisha mwanzo kila mara, na kila ikirudi namwona yule mteja. Singeli nikiisikiliza sikumbuki mtu.

Mzee wa Takwimu: Basi anza na singeli, uiache rap. Ukikaribia kwako, teremsha kidogo kidogo kwenye nyimbo za mwendo wa kati. Na ukishuka kituoni ukaona bado unamjibu mteja moyoni, ujue hiyo orodha ya nyimbo haikufai.

Shangazi Pwani: Marahaba, lakini hao wako wote walikuwa wanasikiliza mtu peke yake, na gunia halina macho. Sisi tulikuwa ukumbini, shoga zako wanakupigia vigelegele kwa sababu wanajua ulivyodhulumiwa. Hilo nalo mlilipima?

Kibarua Mtiifu: Shangazi, na bosi akiwa humo ukumbini?

Shangazi Pwani: Ndiyo raha yenyewe hiyo!