Kutoa maji kwa aldoli: besi ama asidi? Yetu ilichemka kwa 56

OmeraWaDunga:
Wasee wa kemia nisaidieni. Wiki jana kwa labu hapa Kisumu tuligawanywa makundi mawili, wote tukapewa diasetoni alkoholi gramu 20, yaani aldoli ya asetoni, na tukaambiwa tutoe maji ili tupate mesitili oksaidi. Kundi la kwanza waliweka kachembe ka ayodini tu, ambayo hapo inafanya kazi ya asidi, wakachemsha polepole. Sisi tukaambiwa tutumie besi juu tulikuwa tumetoka kusoma E1cB, ile ya haidrojeni ya kaboni iliyo kando ya karbonili, yaani C=O, inatolewa kwanza, inabaki enoleti, halafu OH inasukumwa nje. Nikaweka punje mbili za NaOH, nikawasha moto, nikakaa nikingojea 130 kwa themomita.

Themomita ilipanda ikasimama 56. Ikakaa hapo hapo! Nikafikiri imeharibika nikabadilisha, ya pili nayo ikasoma 56, na chupa ya kupokea inajaa. Nilipata gramu 17 hivi, safi kama maji, safu moja. Wenzetu walipata kitu tofauti kabisa. Sasa swali langu: kati ya besi na asidi ipi ni bora kwa kutoa maji ya aldoli, na kama E1cB iko kweli mbona yangu imekataa?

SabuniNakuru:
Ndugu kutoa maji si kazi ngumu hivyo. Mimi natengeneza sabuni hapa Bondeni, nikitaka kukausha kitu naweka kalsiamu kloraidi usiku mmoja, asubuhi nachuja. Besi usitumie, kostiki soda yenyewe inavuta unyevu hewani, ukiacha mkebe wazi kidogo tu imekuwa uji.

Kemia_Namba2:
@SabuniNakuru hapana bosi, hayo ni maji ya kulowa. Haya anauliza ni maji ambayo bado hayako, OH iko kwa kaboni moja na H iko kwa kaboni ya jirani, mpaka uzing'oe zote mbili ndio upate maji na bondi mbili ibaki nyuma.

@OmeraWaDunga kwa besi hiyo ni E2 ya kawaida tu, besi inavuta haidrojeni na OH inatoka saa hiyo hiyo. Kwa asidi ni E1, OH inatoka kwanza inabaki kabokatayoni, yaani kaboni yenye chaji chanya. Shida yako ni moto ulikuwa mdogo, ungepandisha ingefika 130.

Mwl_Kakamega:
Kemia_Namba2 umegusa kitu lakini umekosea mahali pawili, nitafika hapo. Kwanza Omera, ulinusa hicho ulichopata? Na kuna maswali mengine: je kikiwekwa kwa maji kinachanganyika ama kinaelea?

OmeraWaDunga:
Mwalimu kilinuka dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile dada yangu anatumia. Kwa maji kilipotea kabisa, hakuna kilichoelea.

Mwl_Kakamega:
Basi umejibu mwenyewe. Mesitili oksaidi inachemka karibu 130 na haipendi maji, ungemwaga nyingi kwa maji kidogo ingekaa juu kama mafuta. Asetoni inachemka 56 na inachanganyika na maji kwa kiasi chochote. Wewe ulitengeneza asetoni, themomita zote mbili zilikuwa sawa kabisa.

Sasa angalia hesabu, inapendeza. Diasetoni alkoholi ni asetoni mbili zilizoshikana, hakuna kitu kilichotoka wakati zinashikana. Kwa hivyo ukizitenganisha tena gramu 20 inarudi gramu 20 za asetoni, na wewe kupata 17 na nyingine kubaki kwa chupa ama kupotea hewani ni kawaida. Lakini kama maji yangetoka, gramu 20 ingekupa kama 16.9 ya oksaidi na 3.1 ya maji. Usidanganywe na hiyo 17 kufanana na 16.9, ni bahati tu, na ndiyo maana uzito peke yake hautoshi, lazima uangalie themomita na ile ya kuelea.

Kwa nini besi ilirudi nyuma? Molekuli yako ina haidrojeni mbili za kuangalia hapa ambazo besi inaweza kuchukua. Moja iko juu ya ile OH, nyingine iko kwa kaboni ya katikati, kando ya karbonili. Ile ya OH ina pKa kama 16 hadi 18, ile ya kando ya karbonili ni 19 ama 20, na pKa ikiwa ndogo H inatoka kirahisi, kwa hivyo ya OH ndiyo inatoka kwa wingi na haraka. Ikitoka, oksijeni inabaki na chaji, inashuka kutengeneza karbonili mpya na bondi ya kaboni kwa kaboni inakatika. Hapo una asetoni mbili. Hiyo ni aldoli ikitembea kinyume. Na wewe ukaweka moto chini, kila asetoni ikitokea inaenda zake kwa kupoa, hakuna cha kuirudisha. Ulikuwa unavuta kamba upande usiotaka.

E1cB ilikuwepo pia, sikatai, enoleti ilikuwa inajitengeneza hapo ndani kila sekunde. Ila kufukuza OH ni kazi ya polepole, OH ni kitu kigumu kuondoka, na mwenzake wa kukata bondi alikuwa anamaliza mali yote.

LabuMbili:
Sisi ndio tulikuwa kundi la ayodini 😂 lakini si ati yetu ilikuwa tamu sana. Ya kwanza kutoka ilikuwa asetoni pia, kidogo hapo 56 kupanda. Halafu ikaja kitu cha ukungu, kikakaa safu mbili kwa chupa, maji chini na mafuta juu, hapo themomita inapandapanda tu haisimami. Mwisho ndio ikatulia 128 mpaka 130, tukabadilisha chupa haraka. Ile safu ya juu tuliitenga tukaikausha, na hapo ndipo tulitumia kalsiamu kloraidi ya bwana sabuni.

SabuniNakuru:
Mnaona sasa 😎

Mwl_Kakamega:
Haha, haki yako. LabuMbili umesema vizuri, asidi nayo inarudisha asetoni kidogo. Tofauti ni kwamba kwa asidi ile OH inapewa protoni, inakuwa maji, na maji ni mgeni anayejua kuaga. Huhitaji kumsukuma sana.

AchiengK:
Lakini nami niulize, tulifanya ya benzaldehaidi na asetoni kwa NaOH na haikurudi nyuma kabisa, vitu vya njano vilijaa bika kabla hata sijamaliza kukoroga. Tulitumia benzaldehaidi 2.1, asetoni 0.58, NaOH gramu 2 kwa maji mililita 20 na ethanoli 16 hivi, bila moto. Nilipima kuyeyuka ikatoka 110. Mbona besi ilifaa kwangu na kwa Omera ikakataa? Ama asidi ni ya watu fulani na besi ni ya wengine?

Mwl_Kakamega:
Hilo ndilo swali lenyewe dada. Kwako pia kurudi nyuma kunatokea, benzaldehaidi na asetoni zinashikana na kuachana, lakini hakuna anayetoroka: benzaldehaidi inachemka karibu 178 na hukuwasha moto. Zinapoendelea kukutana, mara moja moja enoleti inafanikiwa kufukuza OH, na bondi mbili inayopatikana imeshikana na karbonili upande mmoja na pete upande wa pili. Hiyo imetulia sana, hairudi kirahisi. Halafu dibenzalasetoni haiyeyuki kwa maji na ethanoli baridi, inadondoka chini. Kila inapodondoka inavuta zile nyingine kwenda mbele. Kwa Omera kilichotoka kwa chupa ni asetoni, kwako kilichotoka ni kitu ulichokuwa unataka. Besi ni ile ile.

Kwa hivyo mimi sichagui kwa jina la njia. Kama kuna pete itakayoshikana na bondi mpya, besi baridi inatosha. Kama aldoli yenyewe ni ya ketoni mbili, yaani kitu kinachopenda kuachana, naenda asidi na naichemsha nje.

Kemia_Namba2:
Sawa nakubali ya 56. Lakini E2 bado sijaacha. Nani ameona hiyo enoleti? Inaweza kuwa yote inatokea mara moja.

Mwl_Kakamega:
Swali lako ni zuri. OH ni mwondokaji mbaya sana kwa E2, angalia alkoholi ya kawaida isiyo na karbonili karibu, ichemshe na NaOH mpaka jioni hutoi maji. Weka karbonili kando na inawezekana, hiyo peke yake inakuambia chaji inakaa kwanza mahali. Halafu weka aldoli kwa D2O yenye besi, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ile nzito, D, usimamishe kabla haijaisha, utakuta ile ambayo haijapoteza maji tayari ina D mahali pa haidrojeni kando ya karbonili. Kwa E2 safi ingekuwa bado na H yake, juu H ikitoka tu OH nayo imeenda.

AchiengK:
Lakini hiyo D inaonyesha enoleti inatokea, haionyeshi kwamba maji yalitoka kupitia hapo. Inaweza kuwa enoleti inaenda na kurudi pembeni tu na ile ya kutoa maji inapita njia nyingine.

Mwl_Kakamega:
Umenishika. Ni kweli, D peke yake haitoshi. Ndiyo maana watu wanaangalia pia umbo: chukua aldoli mbili zenye mpangilio tofauti wa kaboni zile mbili, kwa E2 kila moja ingetoa bondi mbili ya umbo lake. Kwa E1cB zote zinapita enoleti ambayo imekuwa bapa na inazunguka, kwa hivyo zote zinaishia trans, yaani vikundi vikubwa viko pande tofauti za bondi mbili.

Kemia_Namba2:
Na wewe si umesema juu kwamba kwa besi zinaachana na kushikana tena? Zikishikana tena si zinachanganya huo mpangilio kabla maji hayajatoka? Basi trans inaweza kuja hata kwa E2.

Mwl_Kakamega:
Hapo sasa umeuliza kama mtu mzima 😅 Ndio, kwa aldoli inayoachana haraka hicho kipimo kinafifia, ungelazimika kuonyesha kwanza kwamba hazijachanganyika zenyewe kabla ya maji. Bado naegemea E1cB kwa sababu ya OH. Na ile yako ya E1 kwa asidi, kwa aldoli nyingi maji yanasukumwa na enoli, si kabokatayoni. Kwa hii ya Omera yenye kaboni tatu zimeshika ile yenye OH, siwezi kukupinga kwa nguvu.

OmeraWaDunga:
Asanteni. Na kama hakuna haidrojeni kando ya karbonili kabisa?

Mwl_Kakamega:
Basi hakuna enoleti upande huo na maji hayatoki hivi. Aldoli ya isobutiraldehaidi iko hivyo, kaboni ya katikati imeshikwa na methili mbili, haina H ya kutoa. Ukiongeza besi na moto itaachana tu, utarudi kwa aldehaidi yako.

OmeraWaDunga:
Kesho naandika ripoti, nitasema nilipata asetoni gramu 17 na naieleza. Lekchara akikataa nitamletea chupa anuse.

LabuMbili:
Chukua yetu kidogo pia, muweke zote mbili kwa maji mbele yake.