Mrejesho: Asuman au Uthman kwenye kibao cha shule

Niliuliza: "Shule yetu ya msingi tunaipa jina la marehemu aliyetoa ardhi. Tuandike Asuman au Uthman, na nani aidhinishe?"

Asanteni wote. Tulianza na familia, mlivyoshauri: warithi wakasaini tahajia moja, Asuman, kama ilivyo kwenye kitambulisho chake na hati ya ardhi. Uthman ni karibu zaidi na Kiarabu, lakini si jina alilosainia. Kisha muhtasari wa kamati ya shule ukaenda kwa ofisa elimu wa wilaya, akakubali kwa barua.

Kilichokwama ni UNEB, baraza la mitihani la Uganda: watahiniwa walishasajiliwa kwa jina la zamani, basi limebaki kibaoni kwa herufi ndogo. Fundi alichora kwanza kwa chaki. Tukaona kosa lake, "Asumani", mapema, shukuru Mungu.