Mtoto kameza vidonge vya damu, kwa nini hospitali hawakumpa mkaa?

MamaTatu: Wakuu, habari za jioni. Juzi mwanangu wa miaka miwili na nusu alifungua pakiti yangu ya vidonge vya kuongeza damu, vile tunavyopewa kliniki ya wajawazito. Kuhesabu, kumi havipo. Tuliwahi hospitali, njiani katapika mara mbili. Nikamwomba daktari ampe ule mkaa wa dawa, maana mtoto wa jirani alipomeza vidonge vya kifafa vya babu yake alinyweshwa uji mweusi akapona. Akanijibu kwa hivi hausaidii. Wakampiga picha ya tumbo, wakampitishia mpira puani kumsafisha utumbo. Ameruhusiwa, anacheza. Ila sijaelewa: mkaa ulikuwa umeisha, au kweli hausaidii? Na ninunue wa kuweka nyumbani?

Mzee Kifaru: Pole dada. Hapo walikuzungusha tu. Mkaa unanasa sumu zote, unatoka nazo kwenye haja kubwa. Sisi tunasaga wa jikoni, kijiko kimoja kwenye maji. Muhimu uwahi.

Binti Pangani: Mimi nameza vidonge vya mkaa kwa ajili ya gesi, kila asubuhi pamoja na kidonge cha uzazi wa mpango ili nisisahau. Vinanisaidia sana. Jaribu tu dada.

Mfamasia wa Zamu: MamaTatu, daktari wako alikuwa sahihi. Mzee Kifaru amepatia kuhusu kuwahi na kuhusu kutoka na haja. Kwenye "zote" ndipo alipoteleza.

Mkaa wa dawa hutengenezwa kwa vifuu vya nazi au mbao, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto kali sana hadi utobolewe vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja, ukiikunjua kuta zake zote, inafika kama robo eka. Sumu hunata kwenye kuta hizo. Lakini kinachonata vizuri ni molekuli kubwa kiasi, zisizopenda maji. Dawa nyingi za kifafa ziko hivyo, ndiyo maana mtoto wa jirani alipewa. Madini ya chuma yakishayeyuka tumboni yanakuwa chembe ndogo zenye chaji ya umeme, zimezungukwa na maji, na hazina sababu ya kuyaacha maji zikakae kwenye mkaa. Lithiamu ni hivyo hivyo. Spiriti na gongo pia hazinati vya kutosha.

Sasa piga hesabu ya mwanao. Kidonge kimoja kina takribani miligramu 60 za chuma chenyewe. Kumi ni 600. Akiwa na kilo 12, ni 50 kwa kila kilo. Kuanzia 20 tumbo huchafuka, kupita 60 ni hatari kubwa. Alikuwa karibu na mstari. Vidonge hivyo mara nyingi huonekana kwenye picha, kwa hiyo walijua bado vipo na wakavisukuma kwa maji ya kusafishia utumbo. Mkaa ungemtapisha bure, tena ungetia weusi kila kitu, damu ikitoka usiione.

MamaTatu: Ana kilo 12 kasoro! Usiku alitulia kabisa, nikaomba turudi nyumbani, wakakataa.

Mfamasia wa Zamu: Walifanya vyema. Chuma kina kipindi cha kudanganya: kutapika kunakoma, mtoto anachangamka, halafu ndani ya siku moja ini na moyo vinaanza kuzidiwa.

Binti Pangani, wewe tenganisha haraka. Mkaa haujui sumu wala dawa, unaweza kunasa na hicho kidonge cha uzazi. Nenda kliniki uwaeleze ulivyokuwa ukivimeza.

Binti Pangani: Mungu wangu. Naenda kesho.

Mzee Kifaru: Haya, na mafuta ya taa? Na wa jikoni una kasoro gani?

Mfamasia wa Zamu: Wa jikoni haujatobolewa hivyo, na vitundu vichache ulivyo navyo vimezibwa na lami ya moshi. Mafuta ya taa hayanati vya kutosha, na mtu akitapika yanaingia kwenye mapafu, ambako ndiko yanakoua. Tindikali na magadi makali nayo usiguse na mkaa: yanaunguza papo hapo, na daktari akitaka kuangalia koo kwa kamera ataona weusi mtupu.

Tabibu wa Zahanati: Dawa za wadudu za shambani je? Sisi tunatoa mkaa mgonjwa akiwahi.

Mfamasia wa Zamu: Hapo mjadala upo. Utafiti mkubwa wa Sri Lanka uliochapishwa 2008, wagonjwa zaidi ya 4,000, wengi wakiwa wamekunywa sumu za shambani, haukuona vifo kupungua kwa waliopewa mkaa. Lakini wengi walifika wamechelewa.

Tabibu wa Zahanati: Ndiyo maana ndani ya saa moja bado natoa, kama anameza mwenyewe na hasinzii.

Mfamasia wa Zamu: Sikupingi. Anayesinzia ukimnywesha unaingia mapafuni, na hilo, MamaTatu, ndilo linanifanya nikukataze kuuweka nyumbani. Chukua pakiti ya alichomeza, mkimbize.

MamaTatu: Nimeelewa. Vidonge vyangu nimevihamishia juu ya kabati, na kufuli.